Slaidi ya Tatu: Kwa Nini Insulini Haisimamishwi Sukari Inaposhuka

Ilikuwa saa sita mchana, katika mzunguko wa wodi, tulipofika kwenye kitanda cha binti mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amepokewa alfajiri ya siku ile akiwa amelegea, akitapika, akihema kwa nguvu. Sukari yake wakati wa kupokewa ilikuwa milimoli 29 kwa lita. Sasa, baada ya saa kadhaa za dripu na insulini, kipimo kilionyesha 13. Nilimgeukia mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, kijana mpole ambaye alikuwa ameshindwa mtihani wa muhula uliopita, nikamwuliza angefanya nini. Alijibu bila kusita: "Dokta, sukari imeshuka vizuri. Tusimamishe insulini ili isije ikashuka kupita kiasi."

Jibu hilo si la kijinga. Nimewahi kulisikia kwa madaktari waliokwisha kuhitimu, na wakati wa mafunzo yangu ya vitendo, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliona likitekelezwa. Dripu ya insulini ya kijana mmoja ilifungwa usiku kwa sababu sukari ilikuwa imefika 12. Alfajiri tulimkuta anahema tena kama alivyoingia. Kwa hiyo sikumkaripia mwanafunzi wangu. Nilimwambia aje ofisini saa tisa na nakala ya mhadhara wangu kuhusu ketoasidosisi ya kisukari, ule wenye slaidi saba, nami ningempitisha slaidi moja baada ya nyingine kwa lugha ya nyumbani. Alikuja na karatasi zilizojaa alama za wino wa njano. Alikuwa amekariri kila kitu, na mishale yote aliijua inakoelekea. Kilichompotea ni sababu ya mshale kwenda huko.

Ninayaandika hapa mazungumzo yetu ya alasiri ile kwa sababu mbili. Wauguzi na matabibu wa vituo vyetu hukutana na hali hii mara nyingi bila daktari bingwa kuwapo. Na wagonjwa wenye kisukari aina ya kwanza, pamoja na wazazi wao, wana haki ya kuelewa kile tunachokifanya kwenye mishipa yao.

Slaidi ya kwanza ni ya tafsiri, na tuliipita upesi. Ina duara tatu zinazoingiliana: sukari iliyopanda, mara nyingi kuzidi milimoli 11 kwa lita, ketoni nyingi, yaani milimoli 3 kwa lita au zaidi katika damu, ama alama mbili au zaidi kwenye kijiti cha mkojo, na damu iliyogeuka asidi, pH ikiwa chini ya 7.3. Nilimwuliza tu: katika duara hizi tatu, ipi inaua? Akaweka kidole kwenye sukari. Nikamwambia tuiache kwanza.

Slaidi ya pili inaonyesha insulini kama ufunguo unaofungua mlango wa seli ili sukari iingie. Kila mwalimu wa kisukari hutumia mfano huo, nami nimeutumia kwa miaka mingi. Nilimweleza hivi: fikiria mtaa ambao magunia ya unga yameshushwa mbele ya kila nyumba, lakini milango imefungwa na funguo zimepotea. Ndani watu wanalala njaa, nje chakula kinaoza. Ndiyo hali ya mgonjwa wetu. Damu yake imejaa sukari, misuli yake ina njaa.

"Hapo naelewa," alisema. "Lakini, Dokta, huyu binti alikuwa anatapika siku mbili, hajala kitu. Unga ulitoka wapi?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu yote aliyowahi kunipa, kwa sababu mfano wa ufunguo hauwezi kulijibu. Ufunguo unaeleza sehemu ndogo ya kazi ya insulini, tena pengine si ile iliyo muhimu zaidi. Ubongo, kwa mfano, huingiza sukari bila kuhitaji insulini. Mlango wake uko wazi muda wote. Kazi kubwa ya insulini ni ile ya msimamizi wa ghala. Mwili una maghala matatu: ini, misuli na mafuta. Msimamizi akiwapo, maghala hupokea mzigo na kufungwa. Akiondoka, watunza ghala hudhani kuna baa la njaa, wakafungua milango ya nyuma na kuanza kutoa kila kilichomo. Ini hutoa sukari iliyohifadhiwa, kisha hutengeneza nyingine mpya kutokana na protini inayobomolewa kwenye misuli. Homoni ya glukagoni, ambayo kwa kawaida insulini huizuia, huzidi kulihimiza ini. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari aina ya kwanza anaweza kukaa siku mbili bila kutia tonge kinywani na bado sukari yake ikafika 29. Sukari ile haikutoka kwenye sahani, ilitoka ini.

Nilimwomba aliandike hilo pembeni mwa slaidi, kwa sababu ndilo lililomwangusha binti wetu. Alipoanza kutapika aliacha kujidunga. Alisema, na mama yake alikubaliana naye: "Sili chochote, nijidunge insulini ya nini?" Kwa akili ya kawaida hoja hiyo haina kasoro. Hata jina la ugonjwa wenyewe katika lugha yetu limejengwa juu ya neno sukari, likamfanya kila mtu aamini kwamba shida inaingia kwa mdomo.

Tukafika slaidi ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara wote, na ndiyo niliyoifundisha vibaya kwa muda mrefu.

Slaidi hiyo inahusu ghala la mafuta. Insulini ikikosekana, mafuta yaliyohifadhiwa humeng'enywa kuwa asidi za mafuta, zinazosafiri kwa damu hadi ini. Ini huzichoma, lakini zikija kwa wingi kuliko linavyoweza kuzimaliza, huzigeuza kuwa vipande vidogo vinavyoitwa ketoni: asetoasetati, beta-haidroksibutireti, na kiasi kidogo cha asetoni. Hii ya mwisho hutoka kwa pumzi na kuleta ile harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Si kila pua inaweza kuinusa, kwa hiyo kukosa harufu kusikufanye uondoe shaka.

Zamani nilikuwa nasema: gesi imeisha jikoni, mama amewasha mkaa ndani ya nyumba, na ketoni ndiyo moshi. Wanafunzi waliupenda mfano huo. Kisha katika mtihani mmoja nilikuta karatasi kadhaa zimeandika kwamba ketoni ni uchafu, takataka ya mwili isiyo na kazi. Kosa lilikuwa langu. Moshi hauna faida, bali ketoni ni nishati halali. Mtu mwenye afya akilala usiku mzima bila kula, au akifunga tangu alfajiri hadi magharibi, ini lake hutengeneza ketoni kidogo, na katika njaa ya siku nyingi ubongo huzitumia kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake.

"Basi ni nzuri au ni mbaya?" aliuliza mwanafunzi, akiwa ameinua kalamu.

Nikamwambia: ketoni ni mkaa wenyewe. Mkaa ni mzuri, umepika vyakula vingi. Sasa waza muuza mkaa anayeleta gunia moja kila jioni kwa sababu kuna mtu mlangoni anayemwambia "leo linatosha". Mtu huyo ni insulini. Kiasi kidogo tu cha insulini, kidogo kuliko kile kinachohitajika kuingiza sukari kwenye misuli, hutosha kuzuia ghala la mafuta lisimwagike. Kwa hiyo mfungaji mwenye kongosho zima huwa na ketoni chini ya milimoli 0.6 kwa lita anapoamka, wala hazipandi kwa fujo. Ndiyo maana pia watu wengi wenye kisukari aina ya pili, ambao bado wana insulini kiasi, wanaweza kuwa na sukari ya 30 bila kuwa na asidi. Lakini kwa aliye na aina ya kwanza aliyeacha sindano, mlangoni hakuna mtu. Malori ya mkaa yanamwaga mzigo usiku na mchana, sebuleni, chumbani, hata kitandani. Nyumba inaharibika kwa wingi wa kitu ambacho kingefaa kama kingekuja kwa kiasi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo ile insulini ya dripu haikuwekwa kwa ajili ya sukari."

Iliwekwa kwa ajili ya vyote viwili, nilimjibu, ila kazi yake ya dharura ni kumrudisha yule mtu mlangoni. Sukari hushuka mapema, kwa sababu maji ya dripu huizimua damu na kuyapa figo nguvu ya kuitoa. Ketoni huchelewa. Saa sita mchana, sukari ilipokuwa 13, malori yalikuwa bado yako barabarani.

Katika hilo historia nayo inafundisha. Mnamo Januari 1922 kijana wa miaka kumi na minne, Leonard Thompson, alidungwa insulini huko Toronto, wa kwanza kati ya wagonjwa wa kisukari. Dawa ya mara ya kwanza haikuwa imesafishwa vya kutosha: sukari ilishuka kiasi, lakini ketoni zilibaki kwenye mkojo. Waliposafisha dawa na kumdunga tena siku kumi na mbili baadaye, sukari ilishuka sana na ketoni zikatoweka, na hapo ndipo waganga wale walipojua kwamba wamefaulu.

Slaidi ya nne huwatisha wanafunzi kwa sababu ina hesabu. Nilianza na ndimu na magadi. Ukikamulia ndimu juu ya magadi, povu hutoka. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi, na magadi hupungua. Katika damu, bikaboneti ndiyo magadi yetu. Ketoni zinapomwagika huja na asidi, nayo asidi hula bikaboneti, na gesi inayozalishwa lazima itolewe na mapafu. Kwa hiyo mgonjwa huhema kwa kina na kwa nguvu, bila kupumzika, kama aliyepanda mlima ilhali amelala kitandani. Adolf Kussmaul, tabibu wa Ujerumani, alieleza pumzi hiyo mwaka 1874, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Hapa nilitoka nje ya slaidi, na msomaji aliye kituo cha afya aniruhusu nitoke tena. Pumzi hii hudhaniwa kuwa nimonia. Mgonjwa anahema haraka, amechoka, pengine ana homa kwa sababu maambukizi ndiyo yaliyoanzisha yote; anapewa antibayotiki na kurudishwa nyumbani au kulazwa. Mwingine huumwa tumbo kiasi cha kupelekwa kwa madaktari wa upasuaji, au hupoteza fahamu na kutibiwa malaria kali pekee. Ukisikiliza kifua ukakikuta safi, hewa inaingia vizuri kila upande, na oksijeni ya damu haina kasoro, lakini mtu bado anahema kwa kina, chukua tone la damu ya kidole upime sukari. Kipimo hicho humalizika ndani ya dakika moja. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari, huenda hiyo ikawa nafasi yake pekee.

Kisha hesabu. Damu lazima iwe na uwiano wa chaji chanya na hasi, kama mizani ya dukani isiyokubali kuinama. Tunapima sodiamu upande mmoja, kloraidi na bikaboneti upande wa pili. Tofauti inayobaki ni wageni ambao hatukuwaita kwa majina. Kwa kawaida wageni hao hawazidi kumi na mbili hivi. Binti wetu alipofika sodiamu yake ilikuwa 132, kloraidi 98, bikaboneti 6. Nilimpa mwanafunzi kalamu. Alitoa 98, akatoa 6, akapata 28. Wageni ishirini na wanane, na kumi na sita wa ziada ndio ketoni. Kisha nikampa vipimo vya saa sita: sodiamu 136, kloraidi 106, bikaboneti 11. Akapata 19. Alikitazama kile kipande cha karatasi kwa muda, bila shaka akilikumbuka jibu lake la wodini. Sukari ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, na nyumba bado ilikuwa na mkaa mwingi.

Nikamwonya kuhusu jambo moja la vijiti vya mkojo. Vijiti hivyo huona asetoasetati, havioni beta-haidroksibutireti, ambayo ndiyo nyingi zaidi mgonjwa anapokuwa mahututi. Anapopata nafuu, hii ya pili hugeuka kuwa ile ya kwanza, na kijiti kinaweza kubaki na rangi iliyokolea, hata kikakolea zaidi, wakati mgonjwa anaendelea vizuri. Kijiti kinafaa sana kugundua; kwa kufuatilia kinapotosha. Penye uwezo, pima ketoni za damu. Pasipo na uwezo, fuata bikaboneti na lile pengo la wageni, na umtazame mgonjwa mwenyewe anavyohema.

Slaidi ya tano ni ya potasiamu. Mwanafunzi alikuwa ameizungushia alama tatu za kuuliza, na ninakiri kwamba ndiyo inayoua wagonjwa mikononi mwetu baada ya ugonjwa wenyewe kushindwa kuwaua.

Potasiamu ya mwili, karibu yote, huishi ndani ya seli. Asilimia mbili hivi tu ndiyo iliyo nje, na ndiyo tunayoipima kwenye damu. Fikiria mji uliopatwa na mafuriko. Watu wamezikimbia nyumba, wamejaa barabarani. Mpita njia akihesabu watu barabarani atasema mji huu una watu wengi kupita kiasi. Lakini nyumba ni tupu, na muda wote huo mto umekuwa ukiwachukua watu barabarani na kuwapeleka baharini. Mto ni mkojo. Sukari inapozidi milimoli 10 hivi kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka ikivuta maji, kama chumvi unayonyunyizia embe bichi lililokatwa: baada ya dakika chache sahani imelowa. Maji hayo hutoka na sodiamu na potasiamu. Mtu mzima huweza kupoteza milimoli 3 hadi 5 za potasiamu kwa kila kilo ya uzito wake, na bado kipimo cha damu kikasoma kawaida au juu.

Binti wetu ana kilo 50. Upungufu wake ungeweza kuwa kati ya milimoli 150 na 250, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa 5.2.

"Sasa insulini ikija?" nilimwuliza.

"Milango inafunguka. Watu wanarudi majumbani."

"Na barabarani?"

"Panabaki patupu." Kisha, baada ya kufikiri, akasema: "Na moyo unategemea wale wa barabarani."

Sikuwa na la kuongeza. Potasiamu ya damu ikishuka sana, mapigo ya moyo huvurugika na huweza kusimama, na misuli ya kupumua hulegea. Ndiyo maana insulini haianzishwi kabla ya kujua potasiamu, inapowezekana kuijua. Ikiwa chini ya 3.5 tunairudisha kwanza, insulini inasubiri. Ikiwa kati ya hapo na 5, na mgonjwa anakojoa, tunachanganya potasiamu katika kila lita ya dripu, milimoli 20 hadi 40 kulingana na mwongozo unaotumika mahali pako. Ikiwa zaidi ya 5 tunasubiri na kupima tena baada ya saa mbili. Na chupa ndogo ya potasiamu isidungwe kamwe moja kwa moja kwenye mshipa bila kuzimuliwa, hata kwa haraka ya namna gani. Moyo husimama hapo hapo.

Slaidi ya sita ni ya tiba, na kufikia hapo alikuwa anaisoma mwenyewe kwa sauti, mimi nikisikiliza. Tulitumia vipimo vya binti. Alifika saa moja asubuhi, shinikizo la damu 92 kwa 58, mapigo 128 kwa dakika, pH 7.17. Katika saa ya kwanza alipewa lita moja ya salaini ya kawaida, bila insulini. Mwanafunzi alieleza kwa nini: upungufu wa maji kwa mtu mzima katika hali hii ni karibu mililita 100 kwa kilo, yaani lita tano kwa huyu, na mshipa mkavu haupeleki dawa popote. Sukari ikashuka hadi 25 kwa maji peke yake. (Kwa watoto maji hutolewa kwa uangalifu zaidi na kwa hesabu nyingine, kwa sababu ubongo wao huweza kuvimba, usichukue mfano huu ukautumia kwa mtoto wa miaka saba.)

Saa mbili, potasiamu ikiwa imejulikana, insulini ya kufanya kazi haraka ilianza kwa yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa, yaani yuniti 5 kila saa. Wodi yetu ina pampu. Nilimwuliza angefanyaje mahali pasipo na pampu. Alihangaika, tukafanya pamoja: yuniti 50 katika mililita 500 za salaini ni yuniti moja kwa kila mililita 10, yuniti 5 ni mililita 50 kwa saa, na kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 17 hivi kwa dakika. Muuguzi anaweza kuyahesabu kwa saa ya mkononi. Mwaga kwanza mililita 20 za mwanzo zipite kwenye mpira, kwa kuwa insulini hunata kwenye plastiki na mgonjwa angepata pungufu.

Saa nne potasiamu ilikuwa 4.3, ikaongezwa kwenye dripu. Saa sita sukari 13, potasiamu 3.7, wageni 19. Nikalirudia swali la wodini, neno kwa neno.

"Tusisimamishe," alisema. "Tumpe sukari."

Alicheka mwenyewe aliposikia alichosema. Ndivyo hasa tulivyofanya: sukari inapofika karibu na 14 tunaongeza dripu ya deksitrozi ya asilimia 5 au 10, insulini tunaipunguza hadi nusu, kwa binti huyu yuniti 2.5 kwa saa, nayo inaendelea. Mgonjwa wa kisukari anatiliwa sukari mshipani ili tupate ruhusa ya kuendelea kumpa insulini. Ndugu wanaotazama chupa na kusoma maandishi yake hupata hofu, na wako sahihi kuuliza. Waelezwe.

Dripu ya insulini haifungwi hadi pH ifike 7.3, bikaboneti 18, na ketoni za damu zishuke chini ya 0.6. Kwa binti wetu saa ilikuwa kumi alfajiri ya siku ya pili: sodiamu 138, kloraidi 108, bikaboneti 19, wageni kumi na mmoja. Hata hapo hatukuifunga. Insulini ya mshipani huisha nguvu ndani ya dakika chache, kwa hiyo tulisubiri aamke, ale, adungwe insulini yake ya muda mrefu chini ya ngozi, na saa moja hadi mbili baadaye ndipo dripu ikaondolewa. Wanaoruka hatua hiyo huitwa tena wodini jioni.

Slaidi ya saba ina vyanzo: maambukizi, kuacha sindano, insulini iliyoharibika kwa joto, kisukari kipya kisichojulikana. Sikuifundisha. Nilimtuma mwanafunzi akamweleze binti na mama yake yeye mwenyewe, nami nikasimama nyuma ya pazia la kitanda cha jirani, jambo ambalo halikuwa la adabu sana lakini nilitaka kusikia.

"Shikamoo, mama," alianza, akavuta kiti. Hakutaja ufunguo hata mara moja. Aliwaambia kuhusu malori ya mkaa na mtu wa mlangoni. Akasema siku ya kuumwa ndiyo siku ambayo mtu huyo anahitajika zaidi, kwa hiyo insulini ya muda mrefu haiachwi hata kama hujala kitu. Ile ya mlo ndiyo inayopangwa upya kwa ushauri wa kliniki, kulingana na kipimo. Pima sukari kila baada ya saa chache, kunywa maji kidogo kidogo, pima ketoni kama una vijiti. Ukitapika kiasi cha kushindwa kubakiza maji tumboni, ukianza kuhema kwa kina, au kijiti kikionyesha alama mbili, usingoje kesho.

Mama alisikiliza, kisha akauliza: "Sasa, baba, akijidunga naye hajala, sukari si itamwangusha?"

Kijana hakujibu haraka. Nilimsikia akivuta pumzi. "Inaweza, mama," alisema. "Ndiyo maana nimesema apime. Ikishuka chini ya nne, anywe soda yenye sukari au chai ya sukari, apime tena baada ya dakika kumi na tano, atupigie simu. Lakini asimwondoe mtu mlangoni."

Binti, aliyekuwa kimya muda wote, akamgeukia mama yake: "Umesikia? Si kwa ajili ya chakula."

Nimeibadilisha slaidi ya pili. Ufunguo bado upo, umesogezwa pembeni, mdogo. Katikati kuna ghala lenye mlango wa nyuma na mtu aliyesimama mbele yake. Mchoro ni wa mwanafunzi huyo. Mikono ya yule mtu haikukaa vizuri, nami sikuirekebisha.